Hotuba ya kufungua mdahalo, upande wa kutetea: Ushirika unamfaa mkulima mdogo wa kahawa kuliko kila mtu kuuza kivyake

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, mtunza muda, waheshimiwa waamuzi, walimu wetu, wapinzani wetu na wanafunzi wenzangu, habari za mchana.

Wageni wetu kutoka Arusha, mliopita Usa River na Boma Ng'ombe asubuhi hii kuja kukaa nasi hapa Moshi, karibuni sana. Mmekuja kutupinga, na baada ya kengele ya mwisho tutakula pamoja. Hilo peke yake limenipa moyo wa kusimama hapa mbele.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mada iliyo mezani inasema kwamba ushirika unamfaa mkulima mdogo wa kahawa kuliko kila mtu kuuza kivyake. Upande wetu unaiunga mkono kwa moyo wote. Mimi nafungua, wenzangu wawili watakuja na hoja za mikopo na za pembejeo.

Kiswahili kina maneno mengi ya watu kuwa kitu kimoja: umoja, udugu, ujamaa, ubia, kikoa, mshikamano, muungano, jumuiya, ushirika. Hotuba yangu nimeijenga kwa maneno hayo, kwa sababu ubishi wetu wa leo unatokana na kuyachanganya. Mara nyingi anayesema ushirika umeshindwa anasimulia habari ya kitu kingine kilichovaa jina hilo. Naomba tuyatenganishe, kila neno tulipe kazi yake, halafu tuone ni lipi linalomfikisha mkulima sokoni.

Naanza na neno la huku kwetu mlimani na Upareni: msaragambo. Ni kazi ya wote kwa ajili ya wote. Mababu zetu walichimba mifereji, wenyewe huiita mifongo, wakayatoa maji kwenye vijito vya juu na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, kabla mkoloni hajafika. Mfongo ukijaa matope hakuna anayeweza kusafisha kipande chake tu akapata maji, kwa maana maji yanapita kwa mwenzake kwanza. Siku ya msaragambo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asiyefika hutozwa. Na maji hugawiwa kwa zamu: leo asubuhi ni ya huyu, jioni ni ya yule, na anayefungulia maji nje ya zamu yake anaitwa mbele ya wenzake aeleze.

Naomba waamuzi mlishike hilo. Mfongo haukudumu kwa sababu watu walipendana tu. Ulidumu kwa sababu kulikuwa na zamu, na faini, na watu wa kusimamia zamu na faini. Huo ndio ushirika kabla haujaandikishwa popote.

Sasa nije kwenye udugu. Wapinzani wetu huenda wakasema: mbona ndugu husaidiana bila chama? Ni kweli, na Mungu atuzidishie. Lakini udugu haujui bei ya mnada. Bibi yangu yuko Kibosho, ana kihamba kidogo cha migomba na mibuni. Nimekaa naye msimu wa mavuno. Anachuma zile nyekundu tu, anazimenya kwa mashine ya mkono, anazilaza kwenye ndoo hadi ule utelezi uachie, anaziosha, anazianika kwenye kichanja na kuzigeuzageuza kwa viganja, na wingu likitanda anakimbilia turubai. Siku moja akaja mnunuzi na mzani wake wa kuning'iniza, akautundika kwenye tawi, akasoma kilo yeye mwenyewe, akataja bei yeye mwenyewe. Bibi alikuwa na ada ya mjukuu ya kulipa wiki ileile. Ndugu zake wote walimpenda. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mzani wa pili wa kuhakiki ule wa kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kuuza kivyake maana yake ni hiyo: upande mmoja una mzani, fedha taslimu na habari za bei, upande wa pili una shida ya wiki hii.

Tuhame kutoka kichanjani twende sokoni, maana hapo ndipo hesabu inapoongea. Kahawa ya kusafirishwa nje hupakiwa kwenye kontena. Kontena la futi 20 hubeba takriban magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Mkulima mwenye gunia moja tu la kahawa safi anahitaji wenzake 319 ili wajaze kontena moja. Mnunuzi mkubwa anayekuja kwenye mnada wa kahawa hapa Moshi anataka shehena iliyokobolewa, iliyopangwa madaraja na kuonjwa na waonjaji. Haji kwa ajili ya ndoo mbili za bibi. Basi kahawa ya wakulima wengi lazima ikusanywe na mtu. Swali pekee ni nani anayekusanya, na ile tofauti ya bei kati ya kichanjani na mnadani inabaki mfukoni mwa nani. Akikusanya mlanguzi, inabaki kwake. Kikikusanya chama cha msingi, mkulima hupata malipo ya awali, na kahawa ikiuzwa vizuri hurudi kuchukua malipo ya pili. Malipo ya pili ndiyo alama ya ushirika. Mlanguzi hajawahi kurudi nyumbani kwa mtu kumwambia, bei ilipanda, hii hapa nyongeza yako.

Wazee wetu waliliona hili mapema. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha wapanda kahawa, wakati ambapo walowezi wa Kizungu hawakupenda kabisa kumwona Mwafrika akilima zao lilelile. Mwaka 1933 chama hicho kikafuatiwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya mlima huu, ambao jina lake bado liko midomoni mwetu. Mkulima mmoja mmoja angezuiwa kirahisi. Maelfu walioandikishwa, wenye mihuri na vitabu vya hesabu, walikuwa watu wa kuzungumza nao. Huo ni mshikamano uliokaa kwenye karatasi, na ndio maana ulisikika hadi kwenye ofisi za serikali ya kikoloni. Mji huu ulipewa hata chuo cha ushirika mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Nafika kwenye neno zito, ujamaa. Wageni wetu mnatoka katika mji ambao jina lake liko kwenye Azimio la mwaka 1967, na najua mtalitumia. Mtasema: tulishawahi kukusanywa pamoja, na matokeo tuliyaona. Nawajibu kwa heshima kwamba katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwenda vijijini kwa nguvu, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali. Yaani ushirika wa wakulima uliondolewa kutoka juu. Wakulima hawakupiga kura ya kuuua. Na mwaka 1982 sheria ilitungwa ya kuurudisha. Kwa hiyo historia hiyo inatetea upande wetu: watu waliosukumwa pamoja hawajashirikiana bado. Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani kote ni uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote, na ya pili ni usimamizi wa kidemokrasia: mwanachama mmoja, kura moja, uwe na miche 50 au 5,000. Ukiondoa hiari na kura, kilichobaki tafuteni jina lake, lakini msikiite ushirika.

Neno jumuiya nitalipitia haraka. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako kwenu Arusha. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 na ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa kuianzisha upya ulitiwa saini hukohuko Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na leo ina nchi wanachama 8. Nchi zilizokosana zilikaa tena mezani na kuandika masharti mapya. Kwa nini mkulima akatazwe njia hiyohiyo, aambiwe kwamba chama chake kikiyumba mara moja basi kimekufa milele?

Sasa niseme lile ambalo wapinzani wetu wamelishika mkononi kama rungu, nami sitalikimbia. Ziko sehemu ambako viongozi wa vyama wamekula fedha za wanachama. Ziko sehemu ambako malipo yamechelewa hadi mtoto akarudishwa nyumbani kwa ada. Inauma, na bibi yangu ameyaonja hayo pia. Lakini tuangalie ugonjwa uko wapi. Katika chama, mwizi ana mkutano mkuu wa kumhoji, ana kitabu cha hesabu cha kukaguliwa, ana Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ya kumshika. Mlanguzi aliyechezea mzani uani kwa bibi alipakia gunia kwenye pikipiki akaondoka, na hakuna mkutano wowote uliomwita. Dawa ya chama kibovu ni wanachama kuhudhuria, kudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe hadharani, kuhoji kila tarakimu, na kuwaondoa viongozi kwa kura. Hapo ndipo neno mshikamano lina kazi. Kushikamana siku ya kupokea malipo ni rahisi. Kushikamana siku ya kumhoji mwenyekiti ambaye ni jirani yako, pengine na baba yako mdogo, hapo panahitaji watu hasa.

Tena nawaambia vijana wenzangu, kwa sababu hili linatuhusu. Mikutano hiyo imejaa wazee. Sisi tunaojua kusoma mizania, tunaofundishwa hesabu za biashara darasani, hatuendi. Kisha tunasema ushirika ni mambo ya zamani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijakaa nawaachia wapinzani wetu maswali matatu, na naomba yajibiwe kwa hesabu. Mkulima mwenye gunia moja, akiuza kivyake, atajazaje kontena? Mnunuzi akimpunja kwenye mzani, ataenda kumshtaki kwenye mkutano gani? Na bei ya mnada ikipanda baada ya yeye kuuza, nani atampelekea malipo ya pili?

Naunga mkono mada, na naomba kuwasilisha.