Bomba la maji na ile transista yako

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mdogo wangu,

Salamu kutoka huku, sote tu wazima. Uliniuliza kwenye simu ile BC547 niliyokununulia Luthuli inafanya kazi gani hasa. Fikiria bomba la pale uani. Maji yamejaa kwenye paipu, yanasukuma, lakini hayatoki mpaka mtu aguse koki. Wewe hutoi maji. Unafungulia njia tu, tena kwa nguvu ya vidole viwili.

Sasa shika transista, ubapa ukuelekee, miguu chini. Wa kushoto ni kolekta, ambako umeme unaingilia. Wa kulia ni emita, unakotokea. Wa katikati, besi, ndio koki. Tofauti ni kwamba koki hii inazungushwa na umeme wenyewe: mkondo mdogo unaoingia kwenye besi na kutokea emita. Chini ya volti 0.7 hivi kati ya besi na emita, njia imefungwa. Ukiongeza mkondo kidogo, mkubwa unafuata, mara mia au zaidi, hadi koki iwe wazi kabisa. Hapo kinachobaki kuamua ni betri na rezista ya taa.

Kwa betri yako ya volti 9, weka rezista ya omu 10,000 kwenye besi na ya omu 470 kwenye LED. Milliampia moja kasoro itawasha taa inayokula kama 15. Usiunganishe besi moja kwa moja na betri, itaungua, na mimi sirudi Luthuli mwezi huu!

Kakako