Ripoti ya Matengenezo: Pampu ya Maji ya Kisimani, Bakarani

Mteja: Mama Salma
Tarehe ya kazi: 9 Mei 2026
Mashine: pampu ya nguvu-farasi 2, umeme wa fezi moja

Assalaam aleikum mama,

Kwanza nikutoe wasiwasi: mota haijaungua. Fundi aliyekuja kabla yangu alikwambia isukwe upya, lakini nimezipima waya zake za ndani, ni nzima, wala hazivujishi umeme kwenye bodi. Pesa ya kusuka iweke.

Kilichokufa ni kapasita ya kuanzia. Mota yako ina kapasita mbili. Ile ndogo ya maikrofaradi 30 hubaki kazini muda wote, na bado ni nzuri. Ile kubwa ya 150 kazi yake ni kuipa mota nguvu ya kuamka tu. Mota ikishika kasi, swichi ya ndani huikata. Hiyo kubwa niliikuta imevimba kichwa, imevuja mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake, na mita ilisoma 34. Ndipo pampu ikawa inavuma bila kuzunguka, mara breka inaanguka.

Nimeweka mpya ya 150, nikapiga msasa midomo ya swichi ya ndani iliyokuwa imeanza kuungua, na vichwa vya waya vilivyoliwa na kutu ya chumvi.

Baada ya hapo nilikaa nusu saa kuitazama. Iliwaka na kuzima mara nane! Nikapanda juu ya tangi: kamba ya boya ilikuwa imefungwa kwenye bomba, imebaki kama shibiri moja. Mtu akioga tu, pampu inawaka. Kapasita ya kuanzia hupata moto kila mota inapoamka, na isipopewa nafasi ya kupoa haidumu. Nimeilegeza kamba, sasa pampu inangoja maji yashuke karibu nusu ya tangi. Lakini mpira wa waya wa boya umepasuka kwa jua. Sijalibadilisha kwa kuwa hatukuwa tumepatana bei. Ni shilingi 1,200 pamoja na kulifunga, na ningekushauri lisingoje mwezi.

Gharama:
Kapasita: 850
Ufundi: 1,500
Nauli: 200
Jumla: shilingi 2,550

Nimepokea 1,500 kwa M-Pesa. Imebaki 1,050.

Ikivuma tena bila kuzunguka, zima papo hapo, usiijaribu mara ya pili. Na yule kijana anayeisukuma feni ya nyuma kwa bisibisi, tafadhali mkanye. Mota huamka kweli, na vidole huenda nayo. Wala asifungue kile kiboksi cha juu: kapasita huweka umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Kapasita nimeiwekea dhamana ya miezi 3. Ile mbovu nimeiacha dirishani jikoni uione.

Fundi Juma