Shukrani kwa usaili wa Jumanne, na nyongeza kwenye jibu langu la umeme kukatika

Kwako Mwenyekiti wa jopo la usaili,

Daktari, shikamoo. Wajumbe wenzako wote nawasalimu pia.

Nilifika Makambako jana jioni salama. Nawashukuru kwa usaili wa Jumanne, tarehe 10 Juni, wa nafasi ya msimamizi wa ghala la chanjo na mnyororo baridi. Nilijiandaa kwa dakika 20, mkanipa karibu saa nzima. Kilichonigusa zaidi ni kwamba Mfamasia aliacha kazi zake akanipeleka mwenyewe kwenye chumba cha chanjo, akanifungulia daftari la joto na kunionyesha vibebeo vinavyokwenda kwenye zahanati zenu 9. Si kila mahali msailiwa huonyeshwa daftari. Nilielewa kwamba mnatafuta mtu wa kuifanya kazi yenyewe.

Naandika pia kwa sababu kuna jibu langu moja ambalo halikukamilika, na kwa mazingira yenu ya Makete pengo lile ni kubwa.

Mfamasia aliniuliza: umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, nitafanya nini saa ya kwanza? Nilijibu kwamba sitafungua mlango wa jokofu ovyo, nitaandika joto na muda, nitampigia fundi, na joto likikaribia nyuzi 8 nitahamishia chanjo kwenye kisanduku baridi “chenye barafu ya kutosha”. Maneno hayo ya mwisho nimeyarudia kichwani njia nzima. Jibu zima lilihusu joto kupanda, kuganda sikukutaja hata mara moja. Tena ningefanya kama nilivyosema, nikatoa barafu kwenye friza na kuipanga papo hapo kuzunguka chupa, ningeziokoa chanjo na joto nikaziua kwa baridi.

Ninyi mnajua kwamba nyuzi 2 hadi 8 zina mipaka miwili. Polio ya matone ndiyo inayoharibika upesi kwa joto, na yenyewe kuganda haiidhuru. Surua-rubela na ile ya kifua kikuu nazo ni unga mkavu unaostahimili baridi, mradi vimiminika vyake vya kuchanganyia visigandishwe. Ila pentavalenti, nimonia, pepopunda, homa ya ini, saratani ya mlango wa kizazi na polio ya sindano zikiganda ndiyo basi. Nyingi kati ya hizi zina chumvi ya aluminiamu ambayo dawa imejishika juu yake. Zikiganda, chembe hizo hushikamana kuwa mabonge, na hata barafu ikiyeyuka haziachani tena. Chupa itaonekana nzima, na kile kiashiria cha mraba ndani ya duara kitabaki cheupe kama kawaida, maana kinapima joto lililopita na baridi hakiioni kabisa. Muuguzi atachoma sindano, kadi itaandikwa, mama ataondoka ameridhika, na mtoto atabaki hana kinga aliyofuata.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka minne iliyopita, nikiwa muuguzi kwenye zahanati moja ya vijijini, tulikwenda chanjo ya mkoba kijiji cha mbali. Gari lilikuwa limechelewa, dereva anapiga honi, nikachukua pakiti za barafu zikiwa ngumu kama jiwe na kuziingiza kwenye kibebeo bila kusubiri. Tulipofika niliona chupa za pentavalenti zina vipande vyeupe chini na maji yaliyotakata juu. Nikazitikisa, zikarudi kuwa kama maziwa, nikaendelea na kazi. Chanjo hii hutuama kidogo ikikaa, nikajiambia ni hali hiyo. Nilichanja watoto 23.

Wiki iliyofuata, msimamizi wa chanjo aliyetutembelea alitufundisha kipimo cha kutikisa. Nikakumbuka kuwa tulirudi na chupa tatu ambazo hazikufunguliwa. Tukachukua chupa ya toleo lile lile, ya mtengenezaji yule yule, tukaigandisha kwa makusudi usiku kucha, kisha tukaiacha iyeyuke yenyewe. Asubuhi tukazitikisa pamoja na moja ya zile tatu na kuziweka mezani sambamba. Chupa nzima ingetuama polepole kuliko ile tuliyoigandisha. Zetu zilishuka kwa mwendo mmoja. Nilimwomba turudie kwa chupa ya pili, na jibu likawa lile lile.

Niliandika taarifa siku hiyo hiyo, tukarudi kijijini kuwatafuta wale watoto. Ilituchukua siku sita kuwapata wote, kwa sababu familia mbili zilikuwa zimehamia shambani. Mama mmoja aliniuliza, “Kwa hiyo siku ile mlimchoma mwanangu maji?” Nilimwambia ukweli, kwamba chanjo iliharibika mikononi mwangu na nimekuja kuirudia. Alikubali, akampakata mtoto, nikamchanja. Tangu siku ile sijapakia kibebeo bila kushika pakiti moja moja, kuitikisa karibu na sikio na kusikia maji yakicheza ndani.

Ndiyo maana imenisikitisha kwamba mbele yenu, nikiwa na wasiwasi wa usaili, nilisema “barafu ya kutosha” nikaishia hapo.

Sasa nije kwenu. Asubuhi ile ya Jumanne nilisoma kipimajoto cha ukutani kwenye chumba cha chanjo: nyuzi 9, na ilikuwa saa 3 asubuhi, jua limeshatoka. Huu ni Juni, Julai bado inakuja, na upande wa Kitulo majani hupata sakitu alfajiri. Mafunzo mengi ya mnyororo baridi niliyohudhuria yalimfikiria mtu wa Pwani au Dodoma, ambaye adui yake mchana kutwa ni joto. Kwa mtu wa Makete mambo hugeuka kwa namna mbili.

Ya kwanza ni pakiti za barafu zenyewe. Tunaambiwa tuziache nje ya friza mpaka maji yaanze kusikika ndani. Mahali penye joto la nyuzi 30 hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kwenye chumba cha nyuzi 9 utangoja sana, na mhudumu mwenye gari linalomsubiri hatangoja. Atapakia hivyo hivyo, kama nilivyofanya mimi, na hapo simlaumu, maana utaratibu wenyewe haukumpa muda. Dawa yake ni rahisi: katika miezi ya baridi, kwa safari za siku moja, tutumie pakiti za maji yaliyopoozwa kwenye jokofu badala ya barafu. Shirika la Afya Duniani linazikubali kwa chanjo zinazoharibika kwa kuganda, na kwenye hali ya hewa ya huku sioni kwa nini zisitoshe. Hata hivyo, kabla ya kubadilisha lolote ningetaka kupima kwa safari mbili tatu, kibebeo kikiwa na kifaa cha kurekodi joto na chupa za maji matupu, kwenda zahanati ya mbali kuliko zote na kurudi. Tukiona joto linabaki ndani ya mipaka ndipo tuwaambie wahudumu wabadilishe.

Ya pili ni usiku. Umeme ukikatika Julai saa 8 usiku, huenda jokofu lililofungwa vizuri lisihitaji kuhamishwa kabisa mpaka asubuhi. Kuhamisha kwa pupa ndiko kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo jibu langu sahihi kwa Mfamasia ni hili: nitaacha mlango umefungwa, nitasoma kifaa cha kurekodi kila nusu saa, na nitahamisha pale tu joto linapopanda kuelekea nyuzi 8. Nikihamisha, nitatumia pakiti zilizokwishaanza kuyeyuka au za maji baridi, na kifaa cha kurekodi kitaingia kisandukuni pamoja na chanjo. Kisanduku hakitalala barazani wala nyuma ya gari.

Nililipitia daftari mliloniruhusu kuona. Joto linaandikwa mara mbili kwa siku bila kukosa, na mwandiko unaonyesha ni mtu mmoja anayeijali kazi hiyo. Nampongeza. Nilichokosa ni alama za kengele ya chini. Vile vifaa vya kurekodi joto vya siku 30 hupiga kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, na upande wa baridi hupiga likifika nyuzi hasi 0.5 au chini kwa dakika 60 tu. Tofauti hiyo ya muda inaonyesha upande upi hauvumilii. Baridi ya saa 10 usiku haitaonekana kwenye daftari linaloandikwa saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, lakini kifaa kitakuwa kimeihifadhi.

Mkinipa kazi hii, ningependa mwezi wa kwanza nizunguke zahanati zote 9 nikisoma kumbukumbu hizo za upande wa baridi, nikitazama pia chupa zimepangwa wapi ndani ya jokofu, hasa zile zilizogusa ukuta wa barafu. Penye mashaka tutafanya kipimo cha kutikisa hapo hapo na mhudumu akiona kwa macho yake. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki na muda wangu. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa fomu ninayotumia sasa. Ina safu mbili tofauti, kengele ya juu na kengele ya chini, na nafasi ya kuandika hatua iliyochukuliwa. Itumieni hata kama nafasi hii mtampa mwingine.

Kuhusu yale mliyotaka niwathibitishie: mwajiri wangu anahitaji taarifa ya siku 28, kwa hiyo naweza kuanza katikati ya Julai. Leseni yangu ya pikipiki ni hai. Wadhamini wote wawili wanajua mtawapigia, na mmoja wao ndiye yule msimamizi aliyenifundisha kipimo cha kutikisa. Mwulizeni habari za wale watoto 23, atawaeleza kwa upande wake.

Naomba ujumbe huu umfikie Mfamasia pia, kwa kuwa swali lilikuwa lake.

Wenu katika kazi,

Upendo
Msailiwa namba 4, Jumanne asubuhi