Kukubaliwa kwa Barua Yako ya Kuacha Kazi

KIWANDA CHA KUBANGUA KOROSHO
OFISI YA MENEJA WA KIWANDA
MTWARA

Kumb. Na. KKM/UT/2025/41
4 Agosti 2025

Mhandisi Yusufu A. Mkwepu,
Mhandisi Mkuu wa Matengenezo,
MTWARA.

Ndugu Mhandisi Mkwepu,

YAH: KUKUBALIWA KWA OMBI LAKO LA KUACHA KAZI

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 31 Julai 2025, yenye kichwa cha habari kinachohusiana na hicho hapo juu.

2. Napenda kukuarifu kuwa ombi lako limekubaliwa. Notisi ya mwezi mmoja uliyoitoa inalingana na mkataba wako na inazidi siku 28 ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inazitaka kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. Imeanza kuhesabika tarehe 1 Agosti, na ajira yako itakoma Jumapili tarehe 31 Agosti 2025. Kwa kuwa siku hiyo si ya kazi, siku yako ya mwisho kuripoti kiwandani itakuwa Ijumaa tarehe 29 Agosti. Sababu uliyonieleza ofisini, ya kutaka kufanya kazi karibu na mama yako Dar es Salaam, ni ya kuheshimiwa, na ndiyo maana sikukusihi ubadili uamuzi wako ingawa nilitamani kufanya hivyo.

3. Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wenzako, nakushukuru kwa miaka 6 uliyotutumikia tangu tarehe 1 Septemba 2019. Ningeweza kutaja mambo mengi, lakini kuna moja ambalo kila aliyekuwapo analikumbuka. Usiku mmoja wa Novemba 2022, magunia ya korosho ghafi yakiwa yamejaa ghalani, pampu ya kulisha maji kwenye boila ilisimama, na gaski ya akiba haikuwamo stoo. Uliichora gaski mpya juu ya kipande cha mpira kwa kufuata alama za ile iliyopasuka, ukaikata kwa wembe huku Selemani akikumulikia tochi, na ilipofika alfajiri mvuke ulikuwa umerudi kwenye vyungu vya kupikia. Ulipofungua bomba ukakuta ukoko wa chokaa mnene kama ganda la yai lililokunjwa mara kadhaa, hukuutupa. Uliutia kwenye chupa ya kioo ukaiweka mezani kwako, na tangu siku hiyo kila mwendesha boila mpya huonyeshwa chupa hiyo kabla hajaelezwa kwa nini maji machafu ya chini ya boila hutolewa kila zamu bila kuruka hata moja. Naomba chupa hiyo ibaki kiwandani.

4. Nimelitaja tukio hilo pia kwa sababu linagusa makabidhiano. Mitambo yetu mingi inajulikana kwa vitabu vya watengenezaji, lakini boila na laini ya kukaushia zinajulikana kwa kichwa chako. Wewe ndiye unayejua, kwa mfano, kwamba maji ya kisima chetu huongezeka chokaa wakati wa kiangazi na kwamba kichujio cha kulainisha maji huoshwa kwa chumvi mapema kuliko ratiba inavyosema. Msimu unatukaribia, na sitaki mrithi wako ajifunze jambo hilo kwa boila kuzimika. Kwa hiyo, hadi tarehe 15 Agosti, ukiacha sikukuu ya Nane Nane tarehe 8, hutapangiwa kazi nyingine isipokuwa kuandika. Andika kwa lugha ambayo fundi wa zamu ya usiku ataielewa bila kumwamsha mtu: namna ya kuwasha na kuzima boila, dalili za hitilafu unazozitambua kwa sauti au kwa harufu, vipuri vinavyokwisha haraka na mahali vinapopatikana. Wenzetu wanaokwenda kusimamia banda letu kwenye maonesho ya Ngongo, Lindi, wataondoka bila wewe safari hii.

5. Kuanzia tarehe 18 hadi 22 Agosti, fundi sanifu Selemani, ambaye atakaimu nafasi yako, ataendesha idara yeye mwenyewe nawe ukiwa pembeni. Nakuomba sana usishike spana isipokuwa pale usalama wa watu unapohusika. Najua hilo litakuwia gumu kuliko kuandika. Wiki ya mwisho mtahesabu kwa pamoja vipuri vya stoo na zana, mkilinganisha na daftari, nanyi nyote wawili pamoja na mtunza stoo mtatia saini. Jalada la ukaguzi wa vyombo vya mgandamizo unaofanywa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi likabidhiwe kwangu mkononi, likiwa na kumbukumbu za majaribio ya vali za usalama. Kompyuta mpakato, pikipiki, funguo za chumba cha jenereta na simu ya ofisi zirejeshwe kwa Afisa Utumishi tarehe 29 Agosti kabla ya saa 8 mchana. Maneno ya siri ya vidhibiti vya mitambo yawekwe kwenye bahasha iliyofungwa, wala yasitumwe kwa simu.

6. Kuhusu malipo, utalipwa mshahara kamili wa Agosti, Sh. 2,100,000. Katika siku 28 za likizo ya mwaka huu umetumia siku 14, na zilizobaki 14 tumezihesabu kuwa nusu ya mshahara wa mwezi, yaani Sh. 1,050,000, hesabu ambayo inakupa zaidi kidogo kuliko kanuni ya kisheria ya kugawanya mshahara kwa wiki. Jumla ni Sh. 3,150,000 kabla ya makato. Yatakatwa kodi ya mapato, mchango wako wa NSSF, na salio la Sh. 400,000 la mkopo wa kiwanda, kama ulivyoridhia kwa maandishi ulipoukopa. Fedha zitaingizwa kwenye akaunti yako ya benki tarehe 29 Agosti, pamoja na mishahara ya wenzako, na Mhasibu atakupa mchanganuo siku 2 kabla ili uukague. Nisingependa upate mshangao baadaye, hivyo naeleza wazi kuwa kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, nacho hakimo katika malipo haya.

7. Kwa kuwa uliajiriwa ukitokea Dar es Salaam, kiwanda kitagharimia nauli ya basi kwako, mkeo na watoto wenu wawili, pamoja na lori la kusafirisha mizigo ya nyumbani. Mweleze Afisa Utumishi tarehe ya safari kabla ya Agosti 20, maana malori ya uhakika hayapatikani kwa siku moja. Mnaruhusiwa kuendelea kukaa kwenye nyumba ya kiwanda, Shangani, hadi tarehe 7 Septemba bila kulipa kodi. Cheti chako cha utumishi utakabidhiwa siku ya mwisho. Namba yako ya uanachama wa NSSF haibadiliki, hivyo mpatie mwajiri wako mpya hiyohiyo.

8. Tafadhali tia saini nakala ya barua hii na kuirejesha kwa Afisa Utumishi kabla ya tarehe 7 Agosti. Iwapo kuna tarakimu au tarehe usiyokubaliana nayo, njoo ofisini kwangu tuizungumze kabla hujasaini. Msalimie mama, na umfikishie pole zetu.

Wako katika kazi,

Fatuma H. Namtumba
MENEJA WA KIWANDA

Nakala: Afisa Utumishi
Mhasibu
Jalada binafsi