Ujumbe kwa wanakikundi kuhusu ajali ya basi la harusi

Ndugu zangu majirani,

Poleni. Poleni sana.

Kila mmoja wetu ameshasikia, lakini tumesikia vipande vipande, na vingine si vya kweli. Naandika kama katibu, baada ya kukaa na mwenyekiti, mweka hazina na ndugu wa wafiwa, ili sote tuwe na habari moja.

Jumamosi usiku, saa nne kasoro, basi lililokuwa likiwarudisha wenzetu kutoka harusini liligongana uso kwa uso na lori. Ndani ya basi walikuwemo watu 41. Hadi leo Jumatatu saa kumi na mbili jioni, polisi wamethibitisha vifo vya watu 19, wote wa kwenye basi. Kati yao, 14 ni wa mtaa wetu. Majeruhi wa basi ni 22, na watano wako chumba cha wagonjwa mahututi. Dereva wa lori naye amelazwa. Idadi nyingine yoyote mtakayoiona ikizunguka msiisambaze.

Majina ya marehemu siyaandiki hapa leo. Najua wengi mnayasubiri, na mengine mnayajua tayari. Lakini kuna familia tatu ambazo hadi jioni hii zinatembea kati ya wodi na chumba cha maiti, hazijui mtu wao yuko upande gani. Jina litaandikwa humu pale tu familia yenyewe itakapotuambia tuliandike. Asiandike mtu mwingine yeyote, hata kama ana uhakika, hata kama ni kwa nia ya kutoa pole.

Kwa familia hizo tatu: utambuzi unachelewa kwa sababu wengi walivaa sare ya harusi, kwa hiyo nguo haiwezi kutegemewa. Hata simu iliyookotwa haithibitishi, maana huenda aliyekuwa ameishika si mwenye nayo. Mtakapokwenda, mteue ndugu mmoja au wawili walio karibu naye, wenye moyo wa kuhimili. Wabebe kitambulisho chao, picha ya karibuni inayoonyesha meno, na maelezo ya kovu, upasuaji wa zamani au alama ya kuzaliwa. Pale ambapo sura haitoshi, hospitali itachukua sampuli ya vinasaba, na inayofaa zaidi ni ya mzazi au mtoto wa kumzaa. Majibu yake huchukua muda. Mwenyekiti atakuwa mlangoni hospitalini kesho kuanzia saa mbili asubuhi. Hakuna familia itakayoingia peke yake.

Sasa picha. Jumapili alfajiri zilitumwa humu picha za eneo la ajali. Familia moja ilimtambua mpendwa wao kwa kiatu, kwenye picha hiyo, kabla polisi hawajawapigia. Viatu hivyo walimnunulia wao. Nimezifuta kwenye kundi, ila kwenye simu zenu bado zimo. Nawaomba mzifute usiku huu, na mlikozituma mwombe zifutwe. Sisemi aliyezituma alikuwa na ubaya. Nasema watoto wa marehemu wana simu, na picha hizo zisipofutwa watazikuta hata baada ya miaka.

Kuhusu dereva wa basi letu. Yeye ni mmoja wa wale 14, na hili naliandika kwa ruhusa ya kaka yake. Mke wake yumo humu, watoto wake wanasoma na watoto wetu, na tangu jana wanasoma tunayoyaandika. Nimesoma kwamba alikuwa amelewa. Nimesoma kwamba alisinzia. Nimesoma kwamba alikuwa akikimbiza gari ili awahi abiria wengine. Hakuna hata mmoja kati ya walioandika hayo aliyekuwemo ndani ya lile basi. Polisi wameanza uchunguzi: breki, matairi, mwendo, mwanga wa barabara, lori lenyewe. Wakimaliza tutaambiwa, na kama kuna wa kuwajibishwa, awe dereva, mwenye gari au mtunza barabara, nitakuwa wa kwanza kudai awajibishwe, na nitawaomba tusimame pamoja kudai. Mwenye alichokiona kwa macho yake ampelekee mpelelezi. Humu tusihukumu. Nyumba ile ina msiba sawa na nyumba nyingine zote, itapata watu wa kukaa nayo sawa na nyingine zote, na mchango wake utakuwa sawasawa na wa wengine. Anayeona vigumu kwenda kule leo, namwelewa. Asiende, lakini asiandike.

Michango yote inapitia kwa mweka hazina wetu peke yake, kwa namba ile ile tunayotumia kila mwezi. Kuna namba nyingine ilianza kuzungushwa jana kwa jina la kikundi. Si yetu, msitume chochote. Kila jioni mweka hazina atasoma humu kiasi kilichoingia na kilichotoka. Usiye na kitu usione haya. Kuna nyumba yenye watoto wanne na bibi yao tu, na kinachohitajika pale ni mtu wa kuteka maji, kufua, na kuwapeleka watoto shule na kuwarudisha.

Hospitali inahitaji damu ya makundi yote. Mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema anaweza kwenda. Ale kwanza na anywe maji ya kutosha. Mwanamume aliyechangia ndani ya miezi mitatu iliyopita, na mwanamke ndani ya miezi minne, wasubiri. Akina mama wanaonyonyesha na wajawazito wasichangie.

Mkienda kwa wafiwa, semeni pole, kaeni, sikilizeni. Maneno kama "bora hakuteseka" au "una watoto wengine" tuyaache, hata yakitujia kwa upendo. Walionusurika tusiwaulize waliona nini. Akitaka kusimulia mwenyewe, tumsikilize hadi amalize. Kukosa usingizi, kushtuka kwa mlio wa gari, kujiuliza kwa nini yeye amepona, haya ni ya kawaida siku za mwanzo. Yakiendelea zaidi ya mwezi, au mtu akianza kusema afadhali angekufa naye, asibaki peke yake hata usiku mmoja, na nijulisheni mara moja tumfikishe kwa mshauri.

Na watoto waambiwe ukweli kwa maneno mepesi: baba amekufa, hatarudi. Ukimwambia mtoto mdogo kwamba amesafiri, atamngoja. Ukimwambia amelala, huenda akaogopa kulala. Muulizeni kama ana swali, na akienda kucheza dakika tano baadaye mwacheni, huzuni ya watoto huja na kuondoka.

Maziko yatapangwa na kila familia kwa imani yake. Ratiba nitaiweka humu familia zikishakubaliana, zisigongane. Tumekubaliana pia kwamba kumbukumbu ya pamoja tusiifanye sasa watu wakiwa hospitalini. Tutaifanya Jumapili ya tatu ya Novemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa tangu 2005 umeitenga kuwakumbuka waliokufa barabarani, iwapo wafiwa wataridhia.

Kwa siku saba kundi litabaki la taarifa tu. Matangazo ya biashara, mzaha na ubishi wa mpira visubiri. Taarifa inayofuata nitaiandika kesho saa moja jioni, hata kama hakuna jipya. Mwenye jambo la haraka asiandike humu, anipigie mimi au mwenyekiti. Simu zetu ziko wazi usiku kucha.

Katibu wenu