Kutafuta delta kutokana na epsiloni: uthibitisho wa kikomo cha 5x − 7

Tunataka kuthibitisha kwamba x inapokaribia 4, thamani ya 5x − 7 inakaribia 13. Kwa alama:

lim (x→4) (5x − 7) = 13

Utauliza: si niweke tu 4 mahali pa x, nipate 20 − 7 = 13, yaishe? Jibu hilo ni sahihi, lakini linajibu swali jingine. Ukiweka 4 unajua funksheni ina thamani gani pale pale penye 4. Kikomo kinauliza habari za majirani wa 4: 3.9, 4.01, 3.9998 na wengine wasio na idadi. Newton na Leibniz, katika karne ya 17, walipiga hesabu nyingi nzuri wakitegemea wazo la kiasi kimoja kukaribia kingine bila kuwa na kipimo kamili cha huko kukaribia. Ni katika karne ya 19 ndipo Bolzano, Cauchy na hatimaye Weierstrass walipoligeuza neno hilo kuwa sharti la namba. Kwa mfano wetu, sharti lenyewe ni hili:

Kwa kila ε > 0 ipo δ > 0 ambayo, kwa kila x, kama 0 < |x − 4| < δ, basi |(5x − 7) − 13| < ε.

Usiogope alama. |x − 4| ni umbali kati ya x na 4, na |(5x − 7) − 13| ni umbali kati ya jibu la funksheni na 13. Epsiloni ni kosa linaloruhusiwa upande wa majibu. Delta ni ukaribu tunaoudai kwa x ili kosa hilo lisizidi. Ile "0 <" ya mwanzo inamweka x = 4 mwenyewe kando, kwa kuwa tunazungumzia majirani.

Angalia sana nani anatangulia. Mtu anayekupinga ndiye anayetaja ε, nawe unamjibu kwa δ. Akitaja ndogo zaidi, unatafuta upya. Kwa hiyo δ yako inaruhusiwa kutegemea ε, wala si vingine. Haiwezi kutegemea x, kwa sababu wakati unapoitaja, x bado hajachaguliwa.

Tuanze na mpinzani mpole, anayesema ε = 0.5. Anataka 5x − 7 iwe kati ya 12.5 na 13.5. Ongeza 7 kote: 5x iwe kati ya 19.5 na 20.5. Gawanya kwa 5: x awe kati ya 3.9 na 4.1. Basi δ = 0.1 inatosha. Akirudi na ε = 0.01, hesabu ile ile inatupa x kati ya 3.998 na 4.002, yaani δ = 0.002. Mara zote mbili δ imetoka kuwa ε iliyogawanywa kwa 5. Hiyo ni dalili njema, lakini mifano miwili haithibitishi kitu. Mpinzani ana epsiloni zisizo na mwisho. Inabidi tumjibu kwa herufi.

Sasa chukua karatasi ya rafu. Hapa tunaruhusiwa kuanza na tunachokitaka na kurudi nyuma. Tunataka |(5x − 7) − 13| < ε. Rahisisha upande wa kushoto:

|(5x − 7) − 13| = |5x − 20| = |5(x − 4)| = 5|x − 4|

Simama hapa kidogo, maana kazi yote imekwisha katika mstari huu. Umbali wa majibu ni umbali wa x uliozidishwa kwa 5, haswa mara 5, popote x alipo. Ile 5 ni mteremko wa mstari. Kila x anapojitenga na 4 kwa hatua moja, jibu linajitenga na 13 kwa hatua tano. Basi kutaka 5|x − 4| < ε ni sawa na kutaka |x − 4| < ε/5. Na |x − 4| ndicho kitu tunachokidhibiti kwa δ. Chagua δ = ε/5.

Rafu iweke pembeni. Uthibitisho unaandikwa kwenda mbele, kuanzia δ hadi ε:

Uthibitisho. Chukua ε > 0 yoyote. Weka δ = ε/5; kwa kuwa ε > 0, basi δ > 0. Chukua x yoyote yenye 0 < |x − 4| < δ. Hapo

|(5x − 7) − 13| = |5x − 20| = 5|x − 4| < 5δ = 5 · (ε/5) = ε.

Kwa hiyo |(5x − 7) − 13| < ε, na kikomo ni 13. Imethibitika.

Wanaoanza hukwazwa na ile "weka δ = ε/5" inayotokea ghafla kana kwamba imedondoka mbinguni. Msomaji wa uthibitisho haoni rafu, na hana haja ya kuiona. Yeye anakagua tu kama δ inafanya kazi. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye madaftari ni la kinyume: mwanafunzi anaanza uthibitisho kwa kuandika |(5x − 7) − 13| < ε kama jambo linalojulikana tayari. Hilo ndilo linalotakiwa kuthibitishwa. Likiandikwa mwanzoni, hakuna kilichothibitishwa.

Je, lazima δ iwe ε/5? Hapana. Ndogo zaidi pia inafaa: ukiweka δ = ε/8, unapata 5|x − 4| < 5ε/8, ambayo ni ndogo kuliko ε. Kubwa zaidi haifai. Jaribu δ = ε/2 na ε = 1: x = 4.4 anakubalika, kwa kuwa 0.4 < 0.5, lakini 5(4.4) − 7 = 15, na 15 iko mbali na 13 kwa 2. Sharti limevunjika.

Sharti hili pia hukataa jibu la uongo. Mtu akidai kikomo ni 14, mwambie ε = 0.5. Tumeshaona kwamba kila x aliye karibu na 4 kwa chini ya 0.1 hutoa jibu kati ya 12.5 na 13.5, na yote hayo yako mbali na 14 kwa zaidi ya 0.5. Delta yoyote atakayoitaja, hata iwe ndogo vipi, itawakaribisha baadhi ya x hao. Ameshindwa.

Mteremko ukiwa hasi, angalia alama tu. Kwa lim (x→−2) (1 − 3x) = 7:

|(1 − 3x) − 7| = |−3x − 6| = |−3| · |x + 2| = 3|x − (−2)|

Hivyo δ = ε/3, wala si ε/(−3), kwa sababu δ lazima iwe chanya. Kwa mstari wowote mx + c wenye m ≠ 0, x akikaribia a, umbali wa majibu ni |m| · |x − a|, na δ = ε/|m| inatosha. Kama m = 0, funksheni haibadiliki kabisa, umbali ni 0, na delta yoyote chanya inafaa; andika δ = 1 uendelee.

Wepesi huu ni wa mistari minyoofu. Ukijaribu x² penye 4 utapata |x − 4| · |x + 4|, na kile kipande cha pili hubadilika x anapobadilika, kwa hiyo huwezi kugawanya nacho kupata δ. Kwanza itabidi ukifungie, kwa mfano kwa kudai |x − 4| < 1 ili |x + 4| iwe chini ya 9, kisha uchague δ iliyo ndogo kati ya 1 na ε/9.