Andalio la Somo: Kutunga Hadithi Fupi

Kiswahili, Darasa la VI, Dodoma Mjini. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wanafunzi 52.

Zana: kichala cha zabibu, daftari, penseli.

Bungua bongo (dakika 15). Kichala kipite mkono kwa mkono, kisiliwe bado! Niulize: nani kakichuma? Kinapelekwa Soko la Majengo au kimeibwa? Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata ya kuchekesha. Kila mmoja achague mhusika na tatizo moja.

Rasimu (dakika 35). Aya tatu. Marufuku kuanza na "Hapo zamani za kale", waanzie tatizo linapotokea, mfano: "Mzee alipogeuka, kapu lilikuwa tupu." Wasifute, wakate kwa mstari. Tahajia isubiri. Nipite madawati ya nyuma kwanza, huko ndiko wanakokwama kimya.

Maoni ya wenzi (dakika 25). Wabadilishane daftari wawili wawili. Msomaji apigie mstari sentensi aliyoipenda, kisha aulize swali moja pembeni: "Kwa nini Asha hakukimbia?" "Nzuri sana" peke yake haikubaliki. Mwandishi arekebishe sehemu moja papo hapo.

Dakika 5: wawili wasome kwa sauti, zabibu ziliwe. Nakala safi Ijumaa.